Imeili ya maneno 412 na dumu moja la mafuta

*Shikamoo mama. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa. Mwezi uliopita nilituma imeili ya kujitambulisha kwenye hoteli na kumbi 43 za Dodoma mjini, nikaambatanisha na profaili ya kampuni. Wamejibu wawili tu. Mmoja kaandika "imepokelewa", mwingine kauliza kama tunauza asali. Rafiki yangu kaisoma akasema ni ndefu mno, niifupishe. Nimejaribu, nimeweza kutoa salamu tu, mengine yote naona ni muhimu. Nimekutumia kama ilivyo. Nikate wapi?*
*Mkamuaji, Kibaigwa*

Marahaba mwanangu. Usikate kitu kwanza. Ukianza kufuta neno hapa na neno pale utabaki na imeili ile ile, imekonda tu. Nimeyahesabu maneno yake: 412, bila kiambatanisho. Rafiki yako kaona sawa, ila urefu huo una chanzo chake. Ulipokaa kuandika hukuwa umeamua unamwandikia nani, wala akimaliza kusoma unataka afanye nini. Ukishindwa kuamua unaweka vyote, ukitumaini msomaji atajichagulia mwenyewe.

Hajichagulii. Najua kwa sababu nilikuwa msomaji huyo kwa miaka kumi na moja, nikiwa afisa manunuzi wa hoteli moja hapa Dodoma. Asubuhi yangu ilianzia stoo: kuhesabu kilichobaki, kumsikiliza mpishi analalamikia vitunguu vilivyooza, kumpigia muuza kuku aliyeahidi kufika saa moja na sasa ni saa tatu. Imeili nilizisomea kwenye simu nikiwa nimesimama, mara nyingi mlangoni pa chumba cha baridi. Nilikuwa natafuta jambo moja tu, kama kuna kinachonihusu leo. Nisipokiona kwenye mistari miwili ya kwanza nilipita, na moyoni nikijiambia nitarudi jioni. Jioni nilikuwa na mengine.

Iliwahi kunigharimu. Muuza mayai mmoja wa njia ya Kondoa aliniandikia kurasa mbili, nikazipita. Miezi mitatu baadaye mayai yakaadimika mjini, nikasikia hoteli ya jirani inaletewa trei mlangoni kila asubuhi. Nikaitafuta ile imeili nikaisoma yote kwa mara ya kwanza. Kuleta mlangoni kila asubuhi kulikuwa kumeandikwa, ukurasa wa pili, chini ya historia ya kampuni, dira na dhamira. Nilipompigia akanijibu kwa upole kwamba mayai yake yote yameshapata mwenyewe.

Sasa chukua simu ya mtu mwingine, siyo yako, ujitumie hiyo imeili yako halafu uitazame kabla hujaifungua. Anayepokea anaona vitu vitatu: jina la mtumaji, mada, na mstari wa mwanzo. Yako inaonekana hivi:

> info
> YAH: OMBI LA KUTAMBULISHA KAMPUNI YETU NA KU…
> Husika na kichwa cha habari cha hapo juu. Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii…

Mistari mitatu, na hakuna hata mmoja unaotaja mafuta. Aliyekosa mafuta jikoni asubuhi hiyo ameipita imeili yako bila kujua kwamba ilikuwa inamtafuta.

Hiyo "Husika na kichwa cha habari" wote tulifundishwa shuleni, na ina mahali pake. Ukimwandikia mkurugenzi wa halmashauri kuomba kibali, iandike, usipoiandika utaonekana huna adabu. Ila barua ya namna ile ni ya mwombaji, na inasomwa na mtu ambaye kazi yake ni kusoma maombi. Wewe umebisha hodi kwa mtu ambaye hakukuita na ana sufuria jikoni. Heshima anayoihitaji kwako ni kumweleza upesi umekuja na nini.

Baada ya hapo nilichukua kalamu. Nikapigia mstari kila kitu unachouza: mafuta ya alizeti, mashudu, asali, karanga, na kusafirisha mizigo. Halafu kila kitu unachomwomba: asome profaili, akupigie, atembelee kiwanda, akupe nafasi uje ueleze bidhaa, akuweke kwenye orodha ya wazabuni, na mwisho "ushirikiano wa kudumu wenye tija kwa pande zote". Bidhaa tano, maombi sita. Najua hesabu yako ilikuwa kwamba ukitaja vitano huenda kimoja kitamgusa. Lakini vitu hivyo vina wenyewe tofauti. Mashudu ni ya mfugaji, asali ya hoteli inaamuliwa na anayepanga chai ya asubuhi, usafirishaji ni wa meneja. Mnunuzi wa jikoni akikuta vitatu kati ya vitano havimhusu, haendelei kuvichambua. Anaona ni tangazo, na tangazo halijibiwi.

Lakini aya ya tano ilinifanya niinue kichwa. Umeandika hivi: "Vilevile kampuni inalo gari ambalo huja Dodoma kila Jumanne na Ijumaa kupeleka mashudu kwa wafugaji wa kuku, hivyo suala la usafiri halitakuwa kikwazo." Umelipitisha kama jambo la pembeni, na hilo ndilo ungelipa mstari wa kwanza.

Nikueleze kwa nini. Mafuta Dodoma hayakosekani. Soko la Majengo yapo, Sabasaba yapo, kila duka la jumla lina madumu. Bei yako umeniambia ni shilingi 95,000 kwa dumu la lita 20, na wewe mwenyewe umekiri kwamba dukani mtu anaweza kuyapata karibu na hapo. Kwa hiyo bei haikupi cha kujivunia. Kinachomsumbua mnunuzi ni safari. Mpishi anasema mafuta yameisha saa nne asubuhi, saa saba kuna watu mia na hamsini wa semina wanataka kula. Inabidi atafutwe kijana, atolewe hela ya matumizi madogo madogo, apande bodaboda na dumu mapajani, akirudi risiti kaisahau au kapewa ya kuandika kwa mkono ambayo mhasibu haitaki. Ukimwambia mtu huyo kwamba mafuta yatakuwa mlangoni pa stoo kila Jumanne na Ijumaa kabla ya saa tatu, umemwondolea kero anayoifahamu kwa jina. Na wewe haikugharimu kitu cha maana, kwa sababu gari linakuja hata hivyo, gharama ya safari yake imeshalipwa na mashudu. Ndiyo maana nakwambia ujipange na hiyo. Ungeahidi kupeleka kila siku ungevunja ahadi wiki ya pili.

Kwa hiyo ofa ni moja: mafuta ya alizeti, siku mbili zinazojulikana, mlangoni. Mashudu, asali, karanga na mizigo vyote vinatoka. Najua vinauma kutoka.

Kulikuwa na kitu kingine kilichonifanya nikupigie simu ile Jumapili. Umeandika "mafuta safi, asilia, yenye ubora wa hali ya juu na viwango vya kimataifa". Maneno kumi na matatu, na bado sijui ni mafuta gani. Nilipokuuliza ukanijibu, "Yamechujwa tu mama, hatuna mtambo wa kuyasafisha zaidi." Jibu hilo la maneno machache lina habari kuliko yale kumi na matatu. Mafuta ya alizeti yaliyochujwa tu yanabaki na rangi yake na harufu yake, na yakipata moto mkali yanatoa moshi mapema kuliko yale yaliyosafishwa. Kwenye karai la chipsi mpishi atayakataa siku ya kwanza, na ukishakataliwa na mpishi hakuna mnunuzi atakayekurudia. Lakini kwenye pilau, mboga, maharage na mchuzi hayana shida yoyote, na wako wapishi wa huku kwetu wanaoyataka hasa kwa ile harufu.

Unaona lilivyobadilisha orodha yako? Tulipitia yale majina 43 pamoja kwenye simu. Yale ambayo jikoni kwao ni chipsi na kuku wa kukaanga tukayaweka kando. Tukatoa na zile loji zinazotoa chai ya asubuhi tu, kwa sababu dumu moja linawakalisha muda mrefu. Tukabaki na 14, hoteli na kumbi zinazopikia semina, mikutano na harusi, sufuria kubwa za pilau na maharage. Hao ndio unaowaandikia. Ungeanza na orodha hiyo, nusu ya ile imeili isingeandikwa kabisa, kwa sababu unapomjua unayeongea naye maneno ya kumbembeleza kila mtu hayana kazi.

Hata ndani ya jiko moja bado kuna watu watatu. Mpishi anaonja, mnunuzi anaagiza, mhasibu analipa. Mwandikie mnunuzi, lakini uandike ujumbe anaoweza kuupeleka kwa mpishi kama ulivyo bila kuongeza maelezo. Mimi nilifanya hivyo mara nyingi: napiga picha ya skrini, naitupa kwenye grupu la jikoni, nauliza "mnasemaje?" Ujumbe mfupi unafika kwenye grupu. Imeili yako ingehitaji picha sita.

Jina lake unalipata kwa simu ya dakika moja. Piga mapokezi: "Habari za kazi dada. Naomba kujua nani anashughulikia manunuzi ya jikoni, na imeili anayoisoma mwenyewe." Anuani za info zilizoko mtandaoni mara nyingi zinafunguliwa na mtu wa mapokezi anayetafuta maombi ya vyumba. Nadhani huyo ndiye aliyekuandikia "imepokelewa".

Hatua inayofuata nayo iwe moja, na iwe nyepesi kiasi kwamba mtu aliyesimama anaweza kuikubali kwa kidole kimoja. Kutembelea kiwanda siyo nyepesi. Kutoka Dodoma hadi Kibaigwa na kurudi ni nusu siku imekwenda, kwa mtu ambaye hajui hata kama mafuta yako anayataka. "Tupange kikao" siyo nyepesi pia, na "tunasubiri mrejesho wako" siyo hatua kabisa, maana haisemi mrejesho wa nini. Mafuta yanaamuliwa kwa kupikiwa. Kwa hiyo kinachofuata ni mafuta kidogo kumfikia mpishi, siku ambayo gari lako linapita hata hivyo.

Nimeiandika hivi:

> Mada: Mafuta ya alizeti mlangoni, Jumanne na Ijumaa
>
> Habari za kazi Bi. (jina lake),
>
> Mapokezi wameniambia wewe ndiye unayenunua mahitaji ya jikoni.
>
> Tunakamua mafuta ya alizeti Kibaigwa, na gari letu linaingia Dodoma kila Jumanne na Ijumaa kabla ya saa tatu asubuhi. Tunaweza kukushushia madumu ya lita 20 mlangoni pa stoo kwa shilingi 95,000 kila moja, usafiri ndani, risiti ya EFD hapo hapo. Bei hii ni mpaka mwisho wa mwezi huu.
>
> Mafuta yamechujwa, hayakuondolewa rangi wala harufu yake ya alizeti. Ni mazuri kwa pilau, mboga na maharage, siyo kwa chipsi. Yana alama ya TBS.
>
> Jumanne nimletee mpishi wako lita 5 ajaribu, bila malipo? Ukinijibu "lete", nitafika.
>
> (Jina lako, namba yenye WhatsApp)
> (Jina la kampuni), Kibaigwa, Kongwa

Ukiacha mada na jina lako la mwisho, hayafiki maneno mia. Sentensi ya mapokezi nimeiacha ya kwanza kwa makusudi, kwa kuwa inajibu swali la "huyu kanipataje?" kabla halijaulizwa, na inaonyesha kwamba ujumbe huu umeandikiwa yeye. Kama umeelekezwa na mtu anayemfahamu, mtaje huyo badala ya mapokezi, ila mwombe ruhusa kwanza.

Bei imewekwa wazi. Najua wengi wanaificha ili mteja apige simu. Mimi imeili isiyo na bei niliichukulia kwamba bei yake ni mbaya. Kwako wewe jambo la kuangalia ni kwamba bei ya alizeti haitulii. Inapanda kadiri mbegu zinavyopungua maghalani, inashuka mavuno mapya yanapoingia kuanzia Mei na Juni. Ndiyo maana nimeweka "mpaka mwisho wa mwezi huu". Ukiiacha bila tarehe, mtu atakukumbusha bei ya Juni mwezi Februari, na utakuwa huna la kusema.

Hicho kipande cha "siyo kwa chipsi" ulikibishia kwenye simu, ukasema tunajiharibia. Kiache. Mnunuzi amezoea kusoma kwamba kila kitu ni bora kwa kila kitu. Akikutana na muuzaji anayetaja mahali ambapo bidhaa yake haifai, anaamini na yale mengine. Tena inakukinga: mpishi hatayamimina kwenye karai la chipsi kwa kujaribu halafu akaseme mafuta yako yanatoa moshi.

TBS na EFD ni maneno mawili yaliyobeba kurasa 18 za profaili yako. Cheti cha alama ya ubora ulikiweka ukurasa wa 11. Ile PDF ina ukubwa wa MB 9, na kuna watu wanaoifungua kwa bando lao wenyewe. Usiitume kwenye ujumbe wa kwanza. Atakayeihitaji ataiomba, na akiiomba mtumie kurasa anazozitaka tu: cheti cha TBS, TIN, leseni ya biashara. Kwa nini EFD nimeiweka kwenye sentensi ya bei? Kwa sababu ya mhasibu. Mafuta yaliyonunuliwa bila risiti ya EFD yanamletea mzozo wakati wa kufunga hesabu, na mnunuzi anayajua maumivu hayo.

Masharti ya malipo nimeyanyamazia. Hoteli nyingi zitakuomba mali kauli, zilipe baada ya siku 14 au 30. Usilianzishe wewe, ila ujue jibu lako kabla gari halijaondoka Kibaigwa. Kama mtaji wako hauvumilii siku 30, sema saba na ushikilie hapo hapo. Ukishatoa mafuta ya mwezi mzima hujalipwa, unakuwa benki ya hoteli.

Sampuli ya bure inakutisha kwenye gharama, kwa hiyo tupige hesabu. Kwa 95,000 dumu la lita 20, lita 5 ni shilingi 23,750. Usitume kwa wote 14 kwa mpigo. Tuma kwa sita wiki ya kwanza. Wote sita wakisema "lete", jambo ambalo sitegemei, umetumia 142,500. Ulinitajia ulicholipa kwa mtu aliyekutengenezea ile profaili, kilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Na uwaandikie mmoja mmoja. Mara ya kwanza uliwaweka wote 43 kwenye mstari wa To, kila mmoja akaona majina ya wenzake 42. Ungewaficha kwenye Bcc bado barua isiyo na jina la mtu ingejulikana ni ya wote. Sita kwa wiki ni kazi ya nusu saa.

Siku ya kutuma kwako inajipanga yenyewe. Tuma Alhamisi asubuhi au Jumatatu mapema, ili "Jumanne" iwe karibu. Ijumaa mchana usijisumbue, nusu ya mji iko njiani au kwenye treni ya Dar. Jambo kubwa zaidi ni Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni. Kipindi hicho majiko yanapika kuliko wakati wowote, na ungedhani ndio wakati wa kubisha hodi. Mimi nilikuwa sijaribu muuzaji mpya Bunge likishaanza. Kosa dogo wakati vyumba vimejaa lilikuwa kosa kubwa. Niliwajaribu Februari na Machi, waliofaulu nikaingia nao Aprili.

Asipojibu, subiri siku nne za kazi, halafu ujibu juu ya ujumbe ule ule ili aone wa kwanza chini yake: "Habari Bi. (jina). Gari linakuja tena Ijumaa. Nimletee mpishi zile lita 5?" Basi. Usiandike "nilikuwa nakumbushia imeili yangu ya tarehe fulani ambayo sijapata majibu yake", inasomeka kama lawama. Akinyamaza tena, mpigie simu mara moja. Akinyamaza na hapo, mwache mpaka msimu mwingine. Akikuambia usimwandikie tena, mfute na usimrudie hata kwa namba nyingine.

Majibu utakayopata yanasema zaidi ya maneno yake. "Bei kubwa" ni jibu zuri, mtu huyo ananunua mafuta na anajua ananunua kwa ngapi. Muulize analetewa mlangoni au anafuata. "Tuma profaili" mara nyingine ni njia ya heshima ya kukuondoa, mara nyingine mhasibu anaitaka kweli. Tuma zile kurasa tatu na umalizie na swali lile lile la Jumanne, utajua ni lipi. "Tutawasiliana" ni hapana. Kati ya sita wakinyamaza sita wote, kabla hujaugusa ujumbe piga simu kwa mmoja umuulize kama kimemfikia kitu, huenda imeili zako zinaangukia kwenye folda ya Spam baada ya ile safari ya anuani 43. Na kama watasema "lete" watatu, ukapeleka, halafu hakuna anayeagiza, hapo imeili imeshamaliza kazi yake na usiiguse tena. Nenda kazungumze na wapishi. Huenda ni harufu, huenda ni dumu linalovuja kwenye mfuniko, huenda ulifika saa tano.

Kuna watu ambao ujumbe huu hauwafai hata ukiwa mzuri vipi. Kwenye orodha yako ya zamani uliweka taasisi mbili za serikali kule Mtumba. Ununuzi wa umma tangu 2023 unapita kwenye mfumo wa NeST, na afisa wa huko hata akiupenda ujumbe wako hawezi kukuagizia mafuta kwa kujibu "lete". Huko unajisajili kama mzabuni na kufuata njia yake. Upande wa pili ni mama lishe na migahawa midogo. Hao imeili hawafungui. Maneno yale yale, bila mada, yatume WhatsApp au wafuate na dumu mkononi, na bei uiseme kwa lita, kwa sababu ndivyo wanavyonunua.

Sasa yule aliyeuliza asali. Umemwacha wiki tatu bila jibu kwa sababu uliona hakuuliza mafuta. Mwanangu, kati ya watu 43 huyo peke yake ndiye aliyesoma mpaka kwenye asali na akajisumbua kuandika. Mjibu leo, asali tu, mafuta usiyataje:

> Habari za kazi. Ndiyo, tuna asali, chupa ya nusu lita ni shilingi (bei yako). Ijumaa gari letu linaingia Dodoma kabla ya saa tatu. Nikuletee chupa ngapi?